Wa pole watoke mbele, ila msiulize mtu spidi yake

Jumapili iliyopita futingi yetu ya hapa Lubumbashi ilimalizika vile nilitakaka toka zamani, wamama wa kutembea na vijana wa kukimbia wote wakaingia Kamalondo pamoja, wa kwanza na wa mwisho wakaachana dakika nne tu. Nilisimama pale na saa mkononi, karibu nilie, juu mara ya kwanza nilichekwa sana.

Mara ya kwanza nilifanya hesabu hivi: njia ni kilomita 6, wote wafike saa mbili kamili. Nikauliza kila mtu spidi yake. Wamama wakasema dakika 10 kwa kilomita, basi 60, watoke saa moja kamili. Vijana wakasema 6, basi 36, watoke saa moja na dakika 24. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa.

Kumbe mama akitembea na mwenzake wanapiga stori, ni dakika 12 na nusu, wakafika saa mbili na robo. Nao vijana wakiona watu mbele wanawawinda, wakakimbia kwa 5, wakafika saa mbili kasoro dakika 6. Tofauti dakika 21! Maji walikunywa hao vijana, wengine wao wakarudi kwao, na kijana mmoja akaniambia mbele ya watu: "Yaya, hii ni futingi ao ni kungojana?" Mpaka leo inaniuma, sifichi.

Ndugu, usiulize mtu spidi yake, mpime. Sisi tulitembea kilomita mbili wiki moja mbele, na nikahesabu ile ya pili peke yake, maana ya kwanza kila mtu anajionyesha. Kisha unaanzia mwisho na kurudi nyuma. Safari hii tulipanga kufika saa mbili na robo: wa kutembea dakika 75, wakatoka saa moja kamili, wa mbio za polepole 8 kwa kilomita, ni 48, wakatoka saa moja na dakika 27, wa mbio 30, saa moja na dakika 45.

Na wa kutembea usiwafunge kundi moja kama wamepishana sana. Mwenye 11 na mwenye 13, kwa kilomita 6 wanaachana dakika 12, hapo hesabu yako yote imekwisha. Wagawe, wa 13 watoke dakika 12 mbele.

Kitu kingine, na hapa ndipo watu wanakuwa vichwa vigumu: saa iwe moja, ya mtu mmoja. Wamama wakichelewa kutoka dakika 5 juu ya kutafuta kitambaa, makundi yote yanasogea dakika 5. Vijana walinipigia kelele eti wanapata baridi, nikawaambia wangojee, wakangoja.

Safari hii maji niliyaficha kwangu mpaka mama wa mwisho akafika.