Kijerumani: "habe" na "hätten" kwenye habari moja

"Wakuu, nasoma habari za Kijerumani naona waziri kaandikiwa habe, mstari wa chini wafanyakazi wameandikiwa hätten. Si hätte ni ya kuagiza kahawa na ya 'ningekuwa na hela'? Mbona wanachanganya?"

Hawachanganyi mkuu. Waziri akisema "Ich habe keine Zeit", gazeti linaandika Der Minister sagt, er habe keine Zeit. Kawaida ingekuwa er hat, kwa hiyo ukiona habe unajua hapo anaongea waziri, mwandishi mwenyewe hathibitishi chochote. Hiyo ndo Konjunktiv I. Sasa wafanyakazi nao wakisema "Wir haben keine Zeit", Konjunktiv I yao inatoka sie haben, yaani haina tofauti yoyote na sentensi ya kawaida, msomaji hawezi kujua nani anasema, ndo maana wanaazima hätten toka Konjunktiv II. Sein haina huo usumbufu maana sei na seien zote zinaonekana wazi.

Kujua hätten ipi ni ipi tafuta wenn, ikiwepo mara nyingi ni ile ya "ningekuwa", halafu upande wa pili utaona würde. Isipokuwepo rudi nyuma utafute sagt au erklärt, na hapo kuwa makini kwa sababu wanaandika sagt mara moja tu alafu aya nzima inaendelea na habe, sei, könne bila kumtaja tena msemaji (mi naona imekaa vizuri kuliko kurudia "alisema" kila sentensi). Mtaani lakini utasikia tu er sagt, er hat keine Zeit.