Dawa inayotangulia kuisha muda ndiyo itangulie kutoka

"Nina famasi ndogo Uyole. Mzigo wa zamani nauza kwanza, mpya nyuma, lakini bado dawa zinaniishia muda rafuni, na nyingine zinakatika wateja wakizihitaji. Nakosea wapi?"

Mkuu, hapo umeangalia siku mzigo ulipoingia badala ya tarehe ya mwisho ya matumizi. Boksi lililoletwa jana linaweza kuisha muda kabla ya lile lililokaa miezi miwili, hasa ukiuziwa kwa bei ya chini duka la jumla.

Chukua amlodipini miligramu 5, inayotoka stripu 1 kwa siku. Tarehe 1 Machi una stripu 40 zinazoisha mwezi wa 9, na umeleta 60 zinazoisha mwezi wa 6. Mwezi wa 6 maana yake ni hadi 30 Juni, lakini mgonjwa wa presha anachukua dozi ya mwezi mzima, kwa hiyo mwisho wako wa kuuza ni 31 Mei. Hizo ni siku 92. Ukianza na zile 40 za zamani, zinabaki siku 52 za kuuza stripu 60, na 8 zinakufia mkononi. Ukianza na zile 60, unamaliza kuziuza 29 Aprili, halafu zile 40 unamaliza kuziuza 8 Juni, na hupotezi hata moja.

Kwa hiyo unapopokea mzigo, kabla ya kusaini risiti, soma tarehe kwenye kila boksi, maana katoni moja huweza kuchanganya bachi mbili. Andika mwezi na mwaka kwa maka pen upande unaotazama muuzaji. Inayoisha mapema ikae mbele kushoto, na mkono uzoee kuanzia hapo. Ukikata stripu, anza upande usio na tarehe, ili kipande kinachobaki kisomeke.

Kukatika kwa dawa kuna sababu yake. Ukiuza stripu 20 kwa mwezi huku siku 10 rafu ilikuwa tupu, usigawe kwa 30. Gawa kwa siku 20 ulizokuwa nayo, upate 1 kwa siku. Mzigo ukichukua siku 5 kufika, na unahesabu stoo Jumamosi tu, ongeza siku 7, kwa sababu dawa inaweza kushuka Jumapili usijue hadi wiki ijayo. Weka na akiba ya siku 6. Jumla ni stripu 18: ukizikuta 18 au pungufu, agiza. Hapo hesabu zile tu zinazouzika, siyo zinazokaribia kuisha.

Dawa za kikohozi za watoto zipige hesabu upya mwezi Mei, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huku kwetu inazimaliza haraka, na wastani wa Februari utakudanganya.

Zilizokwisha muda zitoe rafuni siku hiyo hiyo, zifunge kwenye boksi lililoandikwa HAZIUZWI, ziorodheshe kwa bachi na idadi, kisha wasiliana na ofisi ya TMDA Mbeya kuhusu uteketezaji. Usizitupe chooni wala jalalani.