Futa hiyo aya ya mbalamwezi kabla hujatuma

"Wakuu habari. Niko Kigoma, nauza dagaa wakavu. Kuna mteja wa Dodoma nilimuahidi kilo 300 zifike Jumatatu, hazijafika mpaka leo Jumanne. Nimemwandikia imeili ya kuomba radhi, aya sita, nimeeleza mbalamwezi ilivyoharibu uvuvi, bei zilivyopanda mwaloni, gari la Kibirizi lilivyotuangusha, na mke wangu alivyolazwa. Mkononi nina kilo 120. Je ipo sawa? Nimweke na bosi wake kwenye Cc? Nimpigie simu kwanza au imeili inatosha? Na punguzo nimpe asilimia ngapi?"

Mkuu usitume. Yani kama umeshafungua simu uibonyeze, iweke chini usome hapa kwanza.

Nimeona "aya sita" moyo ukanidunda maana mimi niliandika tisa. Niko Tabora, nafungasha asali. Mwaka juzi mwezi wa saba nilikuwa na oda ya duka kubwa moja la Dar, chupa 480 za nusu kilo, kwa bei ya 7,500, piga hesabu mwenyewe ni milioni tatu na laki sita. Kwa mtu ninayefungashia kwenye chumba cha uani hiyo si oda, hiyo ni ada ya watoto na bati la nyumba. Ilitakiwa ifike Jumatatu. Jumatatu imefika, chupa hata moja haijatoka Tabora.

Sasa sababu zilikuwepo, tena za kweli kabisa. Mwezi wa saba huku baridi, asali ikaganda kwenye ndoo, haimiminiki, ikabidi ndoo ziingizwe kwenye masufuria ya maji ya moto ilainike. Oda ya kilo 240 ni kama ndoo tisa hivi, maana ndoo ya lita ishirini inabeba asali kilo 28, na mimi masufuria makubwa nilikuwa nayo mawili. Hapo hapo kuna jamaa alikuja na keshi wiki ya nyuma nikamuuzia ndoo mbili, nikasema nitafidia na za Sikonge, za Sikonge zikachelewa. Basi nikakaa usiku nikayaandika yote. Yote! Baridi, masufuria, jamaa wa keshi, Sikonge, mpaka mtoto alivyokuwa anaumwa meno. Nikamalizia na "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Nikajisomea nikajiona msomi.

Aliyenifundisha hivyo ni mkufunzi mmoja wa semina ya ujasiriamali, simtaji, anajijua. Siku mbili tunakaa kwenye viti vya plastiki anatuambia "mteja mpe picha yote, uwazi ndio mtaji". Uwazi ndio mtaji! Mtaji wangu uliisha kwa uwazi huo huo. Nilichofaidi kwenye ile semina ni wali kuku na kalamu ambayo haikuandika hata siku moja.

Kilichotokea ni hivi, na hapa ndio nataka usome taratibu. Mnunuzi wangu alikuwa dada mmoja mwelewa sana. Ningemwambia "nimechelewa, inafika Ijumaa" angeguna tu akaendelea na kazi zake. Lakini imeili ndefu mtu wa ofisini haisomi, anaisukuma kwa wenzake. Yeye kaiona ina mambo ya masufuria akampelekea mtu wa ubora, ina mambo ya Sikonge akampelekea mtu wa stoo. Siku mbili kimya, mimi najisifu kwamba wameguswa. Siku ya tatu yanakuja maswali matatu. Asali imepashwa moto nyuzi ngapi na kwa muda gani? Asali ya Sikonge ni ile ile ya sampuli tuliyoidhinisha? Na kama mzigo wetu ulikuwa tayari wiki iliyopita, kwa nini ndoo mbili aliuziwa mtu mwingine?

Mkuu, hakuna hata swali moja la kuchelewa. Kuchelewa walishakusahau! Nimeshtakiwa kwa makosa matatu mapya na ushahidi wote nimeuandika mimi kwa mkono wangu na kuusaini "wako katika ujenzi wa taifa".

Swali la nyuzi ndio lilinimaliza. Asali ukiilainisha polepole kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, haina shida, kila mfungashaji anafanya. Ila ukiichemsha inageuka rangi, harufu inakimbia, na kuna kitu maabara wanapima kinaitwa HMF kinapanda. Mimi kipimajoto sikuwa nacho, nilikuwa napima kwa kidole. Sasa uandike "nyuzi za kidole"? Nikajibu "joto la kawaida", ndio nikachimba kaburi vizuri. Wakazuia oda nzima mpaka sampuli ikapimwe maabara kwa gharama zangu, wiki tano, majibu yakarudi safi kabisa asali haina tatizo, lakini rafu yangu dukani alishapewa mtu mwingine. Chupa 480 nikaziuza rejareja mwaka mzima, mpaka mashemeji wakachoka kupewa asali kila sikukuu.

Kabla hujaniambia nafundisha watu kuficha, hapana. Kutokuwa na kipimajoto lilikuwa kosa langu na nilistahili kubanwa. Kama dagaa wako wamenyeshewa au wameingia mchanga, hilo mwambie, tena mwambie kabla hajapokea, na liwe jambo lake peke yake siyo kipande cha kujitetea. Anachokula mteja ni haki yake kukijua. Kilichokupata wewe njiani si haki yake, ni mzigo wako unamtwisha.

Kanuni yangu ni moja tu na nimeilipia: sababu iwe moja, sentensi moja, na mtendaji wa hiyo sentensi awe wewe. Basi. Ukiona sentensi inaanza na mwezi, gari, bei au mke, futa.

Chukua hiyo mbalamwezi yako. Wewe unaona ni utetezi mzito, kwamba mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, kweli, kila mtu wa ziwani anajua. Ndio tatizo lenyewe, kila mtu anajua! Mwezi hauji kwa kushtukiza, uko kwenye kalenda. Mteja akisoma hapo anajiuliza, huyu alipokea oda ya kilo 300 kwenye mwezi mpevu bila kuangalia juu? Ulitaka kumwonyesha ziwa limekuangusha, umemwonyesha hujui kupanga. Bei za mwaloni mbaya zaidi, maana atasoma kwamba ulikuwa unasubiri zishuke ili upate faida, hata kama si kweli. Na mama, Mungu amponye, ila usimweke humo. Ukimweka mgonjwa kwenye barua ya biashara mteja anashindwa hata kukudai kistaarabu, anabaki na hasira ambayo hawezi kuitoa, na hasira ya hivyo inatoka kwenye oda inayofuata kwa kutokuwepo.

Alafu hilo neno "uliojitokeza", nakuomba kama ndugu, lifute. Usumbufu haujitokezi kama uyoga baada ya mvua. Umeusababisha. "Mzigo umecheleweshwa", na nani? Andika "nimechelewa" au "sijafikisha". Inauma kidogo kuandika, lakini ukishasema nimekosa mwenyewe mtu anakosa cha kukubishia, hoja inahamia kwenye mzigo unafika lini, na huko ndiko unakotaka aende.

Mimi ningekuwa wewe ningeandika hivi:

Kichwa: Dagaa kilo 300 za Jumatatu: kilo 120 zinafika Alhamisi

Habari za leo. Niliahidi kilo 300 zifike Jumatatu na sikufikisha. Samahani. Nilipokea oda kubwa kuliko nilichokuwa nacho mkononi, na nilipaswa kukwambia kabla ya Jumatatu badala ya kunyamaza. Kilo 120 zinapanda basi la kesho alfajiri, utazichukua stendi Dodoma Alhamisi asubuhi. Kilo 180 zilizobaki nitakwambia tarehe zikishakuwa stoo kwangu, na jibu la hilo utalipata kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kama kwako zimeshachelewa, niambie leo nisitishe hizo 180, sitakudai chochote.

Imeisha. Hesabu, sababu ni ile sentensi moja tu, "nilipokea oda kubwa kuliko nilichokuwa nacho". Humo mbalamwezi imo, bei imo, gari limo, ila hazina mdomo wa kuulizwa. Akitaka zaidi atauliza, na akiuliza mjibu ukweli, ila mjibu lile aliloliuliza tu.

Umeona pia hizo 180 sijazipa tarehe. Nakujua, vidole vinawasha uandike "Jumamosi bila kukosa". Samaki aliyeko ziwani hana tarehe. Ahadi ya kwanza ikivunjika unaomba radhi, ya pili ikivunjika hakuna imeili itakayosomwa. Muahidi kitu ulichokishika, na kwa usichokishika muahidi siku ya kumpa jibu, hiyo iko ndani ya uwezo wako hata mwezi uwake kama tyubulaiti.

Na ile "sitakudai chochote" usiitoe ukiiogopa. Labda ana hoteli inamsubiri, amepungukiwa, anataka kununua kwingine leo leo. Ukimwachia mlango anakuwa hajafungwa na wewe. Wengi wanabaki, wakiondoka wanaondoka bila kukutukana kwenye magrupu.

Bosi kwenye Cc usimweke kabisa aisee, huyo unayemwandikia ndiye aliyekupitisha, unamchomea kwa mkubwa wake kosa lako wewe. Mimi yule dada wa Dar mpaka leo sijui kama alisemwa kwa ajili yangu.

Yule mkufunzi kwa taarifa yenu juzi kaniagiza ndoo ya asali, nikamchelewesha siku mbili, nikamtumia mistari minne ya namna hii hii. Kanijibu "poa, Alhamisi naipitia". Wala hakuuliza picha yote iko wapi.

Kesho basi likishapokea mzigo dai stakabadhi yenye idadi ya magunia, ipige picha umtumie palepale, usisubiri jioni. Weka hapa ulichoandika upya kabla hujatuma, nipo mpaka saa nne usiku.