121 ni "la" au ni "au"? Maswali na majibu

Nimeachiwa ujumbe: 1410151512515. Najua A ni 1 na Z ni 26, ila hauna nafasi wala nukta. Nianzie wapi?

Anzia kwenye sifuri. Hakuna herufi yenye namba 0, kwa hiyo sifuri hushikamana na tarakimu iliyo kushoto kwake, nayo lazima iwe 1 au 2: 10 ni J, 20 ni T. Ukikuta 30 au 50, aliyeandika amekosea au anatumia msimbo mwingine. Wewe unayo sifuri moja, kwa hiyo J tayari umeipata: 14, 10, halafu 151512515.

Ile 14 ya mwanzo ni N, au ni 1 na 4, yaani AD. "Adj" hakuna neno letu linaloanza hivyo. "Nj" ipo kwenye njia, njaa na njugu. Shika N.

Sasa mkia. Kila 5 inapofuatwa na 1, kata katikati, maana 51 imepita 26. Unabaki na vipande vinne: 15, 15, 125, 15. Kila 15 ni O au AE, na 125 ni LE, ABE au AY. Hapo kuna usomaji 24, na ukirudisha ile AD uliyoitupa unafika 48. Usiogope wingi huo. Soma kwa sauti: baada ya NJ, O mbili zinakupa "njoo", na kilichobaki ni "leo", "abeo" au "ayo". Umeitwa: njoo leo.

Angalia jambo moja ambalo huwapotosha wengi. Kugeuza jibu lako kuwa namba tena hakuthibitishi kwamba umesoma sawa, kwa sababu usomaji wote 48 hurudi kwenye namba zilezile. Hukusaidia kugundua kosa la kuhesabu herufi, basi.

Mimi hukata tarakimu mbilimbili kutoka kushoto, napata upuuzi. Kwa nini?

Kwa sababu A hadi I zina tarakimu moja moja, na humo zimo irabu tatu kati ya tano: A, E na I. Kiswahili kimejaa irabu, basi tarakimu moja moja zimetapakaa kila mahali. Chukua 1381. Ukikata mbilimbili unapata 13 na 81, na 81 si herufi. Ukisoma 13, 8, 1 unapata "mha". Lakini 3 ni C, na C ya Kiswahili haikai bila H, ambayo ni 8. Ukiona 38 mahali popote, jaribu CH kwanza: 1, 38, 1 ni "acha".

Na karibu kila neno letu huishia na irabu. Kwa hiyo kagua mwisho wa ujumbe kabla ya katikati: mkato unaoacha konsonanti mwishoni uweke kando.

Rafiki yangu anasema Q na X si za Kiswahili, anaziruka. Nitajuaje kama ujumbe umeandikwa hivyo?

Hadi P hakuna tofauti. Kuanzia R namba zinashuka: R ni 17, S 18, T 19, U 20, V 21, W 22, Y 23, Z 24. Dalili ninayoiamini zaidi ni 24. Kwenye herufi 26 hiyo ni X, na ukiikata katikati unabaki na B, L au V iliyofuatwa na D, mfuatano ambao ni nadra sana kwetu. Kwenye herufi 24, ni Z tu.

Dalili ya pili ni sifuri. Jaribu 1120141. Ukichukua 20 kuwa T, unapata "ktna", "aatna", "ktada" au "aatada", na hakuna hata moja linalosomeka. Ifanye 20 kuwa U, mara moja unasoma "kuna".

Nilimuuliza mtu swali, akajibu 121 tu. Amesema nini?

12 na 1 ni "la". 1 na 21 ni "au". 1, 2, 1 ni "aba". Maneno mawili ya kwanza ni Kiswahili safi, na hakuna kanuni ya herufi itakayokuchagulia. Swali lako ndilo litakaloamua: kama ulimuuliza "utakuja?", amekataa. Lingekuwa katikati ya vitu viwili, ningesoma "au".

Nikitaka kuandika mimi, nifanyeje asichanganyikiwe?

Ipe kila herufi tarakimu mbili: A iwe 01, E iwe 05. "La" inakuwa 1201 na "au" inakuwa 0121, hazigongani tena. Mwambie tu akate mbilimbili. "Njoo leo" itakuwa 14101515120515, tarakimu moja tu zaidi ya ule ujumbe wa kwanza.