Kosta, boda na gari la mtu mmoja: hesabu ya moshi kwa abiria

*"Wakuu, naomba msaada. Kwa jiji kama Dar, kipi kinatoa hewa ukaa kidogo kwa kila abiria kwa kilomita: gari binafsi, daladala, boda au mwendokasi? Nimeona jedwali linasema boda inalishinda basi. Inawezekanaje?"*

Mkuu, aliyetengeneza hilo jedwali amemhesabu dereva wa boda kama abiria. Dereva yuko kazini, haendi popote. Nitakuonyesha kwa hesabu ya Kosta yangu, maana nilikuwa nayo Gongo la Mboto–Kariakoo hadi 2019.

Mafuta ndiyo sehemu rahisi. Lita ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa, ya petroli kilo 2.31. Kosta ilikuwa inapiga tripu tano kwenda na kurudi, jumla kama kilomita 170 kwa siku. Jioni tulikuwa tunajaza tenki hadi juu, pampu ileile, na siku ya kawaida iliingia lita 36. Hizo ni kilo 96 na ushee kwa siku, au gramu 570 kwa kila kilomita.

Kazi ipo kwenye abiria. Nilimwomba konda siku moja aandike waliomo ndani kila tunapoondoka kituoni. Aliandika nyuma ya boksi la sigara, na nikiwa nyumbani nikazidisha kila idadi na umbali hadi kituo kinachofuata. Saa moja asubuhi tukiondoka Banana tulikuwa na watu 44 kwenye gari la siti 29, wengine wamejikunja mlangoni. Tripu hiyohiyo ikirudi kutoka Kariakoo, tulipopita Tazara ndani kulikuwa na watu sita. Siku nzima ilitoka kilomita 3,100 za abiria. Gawa kwa 170, unapata wastani wa watu 18 tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiapa gari langu hujaa kutwa.

Kwa hiyo Kosta: gramu 570 kwa watu 18, yaani kama 31 kwa abiria kwa kilomita.

Sasa boda. Pikipiki ya kawaida ikienda kilomita 40 kwa lita inatoa gramu 58 kwa kilomita. Ukigawa kwa wawili, dereva na abiria, unapata 29, na hapo ndipo basi "linaposhindwa". Mwondoe dereva, inabaki 58. Halafu boda akishakushusha anarudi kijiweni mtupu. Kijana aliyekuwa anapaki mbele ya nyumba yangu tulimpimia siku mbili: kwenye kilomita 100, alikuwa na abiria kwenye 60 tu. Moshi wa zile 40 lazima abebeshwe mtu, na namba inapanda hadi karibu 97. Mara tatu ya Kosta. Mshikaki unaipunguza, lakini huwezi kupanga jiji kwa mshikaki.

Gari binafsi ni tofauti kidogo, dereva naye anasafiri, mhesabu. Ila kigari cha petroli kinachokula lita moja kwa kilomita tisa kwenye foleni kinatoa gramu 257, na ukiangalia foleni ya asubuhi wengi wako peke yao. Wakijaa wanne inashuka hadi 64, bado ni mara mbili ya Kosta mbovu.

Mwendokasi sikuwa na daftari lake, kwa hiyo chukua kama mfano. Basi refu likila lita moja kwa kilomita mbili linatoa gramu 1,340. Na watu 150 ni gramu 9 kila mmoja, hakuna wa kulifikia. Saa nane mchana na watu 25 ni 54, na hapo Kosta inalipita. Ndiyo maana ukiambiwa namba ya basi, uliza kwanza wamegawa kwa uwezo wa basi au kwa watu waliohesabiwa pande zote mbili.

Foleni nayo inaonekana kwenye tenki. Siku za mvua, tripu zilezile tano, lita zilifika 41. Gramu 31 zikawa 35 bila abiria hata mmoja kupungua. Njia ya peke yake ya mwendokasi faida yake ni hiyo, injini haiungurumi bure Tazara kwa nusu saa.

Tahadhari moja: namba hii inaweza kupendeza huku huduma ikioza. Dereva wangu aligundua akikatisha ruti Buguruni asubuhi harudi mtupu umbali mrefu. Wastani wa abiria ukapanda, gramu zikashuka, na waliokuwa wanaenda Kariakoo wakashushwa njiani wakatafute gari jingine. Ukiisoma hiyo kwenye jedwali utadhani ni maendeleo.

Boda ya umeme ndiyo inayobadilisha mchezo kwa upande wa pikipiki. Ikitumia uniti 4 kwa kilomita 100, hata umeme wote ukitoka kwenye gesi kwa nusu kilo kwa uniti, ni gramu 20 kwa kilomita. Ukiweka na zile safari tupu za kijana wa jirani inafika kama 33, sawasawa na Kosta yangu siku ya mvua nyepesi.