Genichiro ananimaliza kila mara: nipangue, nikwepe au nikinge?

"Wadau, niko Kondele, Kisumu. Kwenye mchezo wa video wa Sekiro, bosi Genichiro ananimaliza kila mara. Nashika kitufe cha L1 muda wote lakini bado anapenya. Nikwepe tu?"

Kukwepa ovyo hakutakusaidia, ndugu yangu, kwa sababu upanga wake unakufuata. Ukishika L1 tu, unakinga: damu haipungui, ila kipimo chako cha mhimili, yaani Posture, kinajaa hadi unayumba. Upanguaji unatokea ukibonyeza wakati upanga unakugusa, si anapouinua. Bonyeza mara moja kwa kila pigo. Ukibonyeza kwa pupa, nafasi ya kupangua inazidi kuwa finyu.

Shida yako naona iko kwenye alama nyekundu inayotokea kabla ya pigo la hatari. Hapo kinga haifanyi kazi. Genichiro akiruka na kushuka na upanga, pangua, kisha tazama ncha. Ikikuelekea kifuani, anachoma: bonyeza kitufe cha duara ukielekea kwake, umkanyage upanga. Ujuzi huo, Mikiri Counter, unanunuliwa kwa pointi. Akiinama na kufyeka miguu, ruka. Usibahatishe kabla ya kuona, ndiyo maana watu wengi wanaruka kisha wanachomwa hewani.

Hanbei, pale hekaluni, atakufundisha haya yote bila kukuharakisha.

Kama unachezea ukumbini, angalia televisheni pia. Bila Game Mode, ile mipangilio ya televisheni ya kuchezea, picha huweza kuchelewa, na ukipangua sawasawa bado utaonekana umechelewa.