Mafuta ya mti wa chai kwa mba: kipimo ni asilimia 5

"Nimepaka mafuta ya mti wa chai kichwani bila kuchanganya, sasa ngozi inawaka. Nichanganyeje, au ninunue tu shampuu ya dawa?"

Pole sana. Osha kwa shampuu laini, kisha usipake chochote mpaka ngozi itulie kabisa.

Kipimo kilichojaribiwa, mwaka 2002, ni asilimia 5: mililita 5 za mafuta ndani ya mililita 95 za shampuu isiyo na manukato. Pima kwa bomba la sindano, maana matone hutofautiana kutoka chupa hadi chupa. Usichanganye na maji. Mafuta huelea juu na kukugusa yakiwa makali vilevile. Tikisa, paka, acha dakika 3, suuza. Fanya hivyo kila siku kwa wiki 4.

Kwanza jaribu kidogo ndani ya kiwiko na usubiri saa 48. Wekundu wenye kuwasha au malengelenge ni mzio, na kupunguza kipimo hakutakuokoa: achana nayo. Chupa ya zamani iliyoachwa wazi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hewa huyageuza mafuta kuwa kemikali zinazochochea mzio. Na watoto wasiifikie, kwani kuyanywa ni sumu.

Kwenye jaribio hilo mba ulipungua kwa asilimia 41, dhidi ya 11 kwa shampuu tupu. Si haba, lakini mimi ningeanza na shampuu ya dawa ya kuua kuvu, ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, dakika 3 hadi 5 kila mara. Ina ushahidi mwingi zaidi, na kipimo chake hakikutegemei wewe.